Barua ya Mujukuu na Simu Iliyolala Kifudifudi

Nilitoka shuleni mwaka wa tatu wa primaire, na sijaomba mutu musamaha kwa hilo. Mwaka wa ine ningeufanya na nini? Baba alikuwa amekufa, mama alikuwa na batoto na jembe moja. Nikabeba maharagi kichwani kutoka milima ya Kibabi mpaka barabarani, gunia kwa gunia, mpaka shingo ikawa nene kama ya ng'ombe dume. Leo niko na depo yenye mulango wa chuma, niko na pikipiki mbili, niko na paneli ya jua juu ya mabati inayosharji simu za kijiji kizima. Hakuna ndugu aliyenishika mukono. Mwenye kusema ninajisifu, apande huu mulima na gunia kichwani, tutazungumuza akifika juu, kama pumzi itakuwa imebaki.

Ninaanza na haya ili mujue ni nani alileta simu kubwa ya kwanza mulimani kwetu. Ni mimi. Na ni mimi, kwa miaka miwili, niliyekuwa ninaishika kila siku ya Mungu, ile munayoita Jumapili, saa tisa, wakati familia inaitana kwa video. Dada yangu mudogo iko Ubeljiji na bwana yake na batoto yao. Yule dada alisoma mpaka mwisho, na alisoma kwa maharagi yangu, ninyi wote mujue. Kaka yetu mwingine iko Kampala. Mimi ninaketi karibu na mama, ninanyoosha mukono, ninasalimia, ninaeleza mvua, bei, barabara imefungwa, barabara imefunguliwa. Mama anaketi pembeni, anaonekana sikio na nusu ya kitambaa.

Siku moja dada yangu akanikata katikati ya maneno.

“Kaka, kila siku ya Mungu tunakusikia wewe. Mama tunamusikia lini?”

“Mama iko hapa! Mama, sema jambo.”

“Jambo,” mama akasema.

“Unaona? Iko sawa kabisa,” nikasema, na nikaendelea na habari ya barabara.

Yeye hakuendelea. Akatoa neno ambalo inaonekana alikuwa amelipika muda murefu. Alisema mama amezeeka. Alisema kule mulimani yuko peke yake usiku na mchana, mimi ninalala centre karibu na depo, na hakuna anayejua kwa kweli kama iko muzima. Alisema amezungumuza na jamaa wa bwana yake huko Kirotshe, kando ya ziwa, karibu na hospitali. Kuko nyumba, kuko chumba, kuko rezo nzuri ya simu. Mama atahamia kule mbele ya kupanda maharagi ya mwezi wa tisa.

Mama alisikia yote, maana simu ya video inapiga kelele yenyewe. Alinyoosha mukono, akaivuta simu kutoka kwenye vidole vyangu kama mutu anavuta kuku muguu.

“Mimi nimekimbia huu mulima mara ngapi?” akauliza ile kioo. “Ju ya bunduki nimekimbia. Na nimerudi. Kila mara nimerudi. Sasa munataka nikimbie ju ya simu?”

Alikuwa ameshika simu vibaya, kidole juu ya kamera, kwa hiyo kule Ubeljiji waliona wekundu mutupu. Dada yangu akasema kwa upole, na ule upole njo uliniumiza zaidi, “Munaona sasa. Hata kuishika hajui.”

Njo hapo mujukuu akaingilia. Yule ni binti mukubwa wa dada yangu, mwenye miaka kumi na tisa, aliyezaliwa kule kwenye baridi na aliyejifunza Kiswahili jikoni kwa mama yake. Koko njo bibi yake, Tonton ni mimi, mujomba yake. Akasema: “Mama, mupeni Koko siku ine za Mungu. Apokee simu yeye mwenyewe, bila Tonton. Kama tunamuona na tunazungumuza naye, basi tunajua iko muzima, anabaki kwake. Kama inashindikana, njo aende Kirotshe.”

Dada yangu akakubali. Mimi sikuulizwa.

*

Ile barua ilifika siku chache baadaye, kwenye simu yangu ingine, ile ya depo, maana ile kubwa ilikuwa imebaki kwa mama, picha tatu. Mujukuu alikuwa ameandika kwa mukono, kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mubao wa duka, maana anajua koko yake anasoma Biblia na kitabu cha nyimbo lakini macho yamechoka. Nilikuwa ninashuka mujini Sake na mizigo. Kule kuko mutu mwenye mashine ya kutoa karatasi. Akanitolea karatasi tatu, nikazitia ndani ya shati, juu ya tumbo, ili mvua isizifikie. Pikipiki ikateleza mara mbili kwenye matope. Karatasi hazikulowa hata tone. Wenye diplome wangezitia mufukoni.

Nilimukuta mama anapeta maharagi mbele ya nyumba. Nikajisafisha koo, nikafungua karatasi ya kwanza.

“Leta hapa,” akasema.

“Nikusomee, Mama.”

“Juu wameandika nini?”

Nikaangalia. “Kwa Koko yangu.”

“Wewe ni koko ya nani?”

Nikampa. Akavaa miwani niliyomununulia mimi mwenyewe, akaketi kwenye kigoda, akaanza kusoma kwa sauti kama anavyosoma kanisani, neno kwa neno, kidole kikifuata. Hivi njo barua ilivyosema. Ninaiweka hapa kwa sababu ninaijua kwa kichwa.

“Koko yangu, ninakusalimia sana. Mama anasema wewe huwezi. Mimi ninasema unaweza, na ninataka tumuonyeshe. Usiharakishe. Soma kidogo, jaribu kidogo, pumzika, soma tena.

“Siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, simu ipelekwe kwa Tonton kusharjiwa mpaka ijae. Umuambie atie mega za kutosha. Video inakula mega nyingi kuliko sauti, kwa hiyo atie nyingi, asifanye ugumu.

“Siku ya Mungu, ukitoka kanisani na ukishakula, peleka simu fasi yenye rezo. Weka kidole juu kabisa ya kioo, kivute kushuka chini. Utaona alama ndogo nyingi. Gusa ile ya mishale miwili, moja inapanda, moja inashuka. Ikiwaka, mega zimefunguka.

“Usishike simu mukononi, mukono utachoka na tutaona mawingu. Isimamishe kwa kitu, kioo kikuangalie wewe. Juu ya kioo kuko jicho dogo jeusi. Lile njo linakuona. Usilizibe na kidole. Kama uko na jua mugongoni, tutaona kivuli tu, kwa hiyo jua likae mbele yako.

“Saa tisa simu italia. Kama kioo kilikuwa kimelala, utaona alama ya kijani: weka kidole juu yake, kipandishe juu. Kama kioo kilikuwa wazi, utaona neno RÉPONDRE: gusa mara moja, basi. Usigonge gonge. Usiweke simu sikioni, Koko! Kwa video sisi tutaona sikio. Sema tu, tunasikia.

“Utaona nyuso nyingi, kila mutu na kadirisha kake. Moja kati ya hizo ni wewe mwenyewe, usiogope. Ukiona alama ya mikro imekatwa na mustari, maana yake hatukusikii: iguse mara moja, mustari utaondoka.

“Kama simu imelia na wewe hukuipata, haijaharibika. Fungua ile alama ya kijani yenye simu nyeupe ndani, gusa jina la kundi letu, juu utaona neno REJOINDRE. Liguse, utaingia, hata kama tumeanza.

“Kumaliza, gusa alama nyekundu. Lakini usiiguse mbele ya kutuaga.

“Neno lingine. Sasa saa yako na saa yetu ni moja. Lakini mwisho wa mwezi wa kumi, huku wanarudisha saa nyuma. Kuanzia pale simu italia kwako saa kumi. Nitakukumbusha.

“Neno la mwisho. Koko, usimupe Tonton simu. Ninamupenda sana, lakini akiishika hatukuoni tena.”

Mama akavua miwani. Bega lake lilikuwa linatikisika. Alicheka mpaka ungo ukaanguka, maharagi yakatawanyika, kuku wakafurahi.

“Mutoto iko na akili,” akasema.

“Mutoto hana adabu. Ni nani alileta hii simu? Ni nani anatia mega?”

“Wewe. Na utaendelea kutia. Asifanye ugumu, wamesema.” Akakunja barua. “Tena, hawa wanarudisha saa nyuma, ni nani aliwapa ruhusa?”

“Ni serikali yao, Mama.”

“Na jua lao nalo linakubali?”

Nikainama kufukuza kuku kwenye maharagi. 

*

Lazima niseme ukweli, mama alijifunza kuliko watu ninaowajua wenye karavati shingoni. Nyuma ya nyumba, pale shamba la maharagi linapoanza, kuko jiwe kubwa, na juu ya lile jiwe rezo inakuja vizuri. Akapeleka kigoda pale. Kusimamisha simu, alichukua kikombe cha bati, akakijaza maharagi, akachomeka simu ndani yake. Ilisimama wima kama askari. Mimi nina depo nzima ya maharagi na wazo hilo halikuwahi kunijia. Nikamuita mara tatu siku ya posho kutoka depo, mara tatu akapokea, kidole kinapanda polepole, uso wake unatokea wote, paji, macho na kidevu.

“Uko unaniona?” akauliza.

“Ninakuona, Mama.”

“Basi kata. Mega siyo zako?”

Siku ya Mungu ya kwanza niliketi depo, mulango nusu, simu yangu juu ya mizani. Saa tisa ikalia. Nikaingia. Dada yangu na familia yake walikuwa mezani, simu yao imewekwa mwisho wa meza. Kaka wa Kampala akaingia. Halafu kadirisha ka mama kakafunguka, na mama yetu huyu hapa, kitambaa cha kanisa kichwani, jua mbele, mulima nyuma. Watoto wakapiga makofi. Mujukuu akaruka kwenye kiti. Mimi, sitaficha, nilipiga mizani ngumi kwa furaha.

“Jambo bote,” mama akasema. “Muko wazima?”

“Tuko wazima, Koko!”

Na pale pale kadirisha kake kakawa keusi.

Tukaita. “Mama! Mama, unatusikia?” Kulisikika kuku, na upepo kidogo. Mama hakujibu. Tukangoja. Weusi. Baada ya dakika kumi dada yangu akasema, “Imemushinda,” na hakusema kwa ubaya.

Siku ya Mungu ya pili, vile vile. Akapokea vizuri, akasalimia vizuri, halafu weusi na kuku. Mujukuu akamuelekeza kwa sauti, karibu kulia: “Koko, simu imeanguka? Inua, Koko! Jicho dogo jeusi, unakumbuka?” Hakuna jibu.

Jioni dada yangu akaniita mimi peke yangu.

“Kaka, usikasirike. Unaona mwenyewe. Anaanza, halafu anapotea. Hiyo siyo mambo ya simu, hiyo ni kichwa. Huku kazini ninawaona wazee kama hawa kila siku. Nimesema na jamaa wa Kirotshe, wanangoja.”

Na mimi, mwenye shingo nene, mimi niliyejisifu mbele yenu ukurasa muzima, sikumutetea mama. Maana na mimi nilikuwa nimeamini. Nilimuuliza mama juu ya ule weusi, akasema “Iko sawa, acha,” akageuza maneno. Nikajiambia: kichwa kimeanza kwenda. Hilo ninaliandika kwa sababu mutu wa kujisifu bila kuandika na aibu yake ni muongo.

Siku ya Mungu ya tatu sikukaa depo. Nilipanda kwa njia ya nyuma, nikasimama kati ya migomba, mbali kidogo, kimya, nimezima simu yangu. Nilitaka kuona kwa macho.

Mama akafika kwenye jiwe na kigoda na kikombe. Akavuta kidole, akafungua mega. Akachomeka simu. Akarekebisha kitambaa. Simu ikalia, akapandisha kijani bila kutetemeka hata kidogo. Nikasikia sauti za watoto. Nikamusikia anasema “Jambo bote.” Halafu akaangalia kioo, macho yakawa makubwa, akachomoa simu na kuilaza kifudifudi juu ya maharagi. Polepole, kwa heshima, kama mutu anafunika chungu. Akageuka upande wa bonde, mikono mapajani, midomo imefungwa. Kule ndani ya simu mutoto alikuwa anaita, “Koko! Koko!” Yeye aliketi vile vile mpaka sauti zikaisha na simu ikajikata.

Nikatoka kwenye migomba.

“Mama! Kwa nini unageuza simu?”

Hakushituka. “Ulikuwa umejificha kama mwizi wa ndizi?”

“Mama, wanasema kichwa chako kimekwenda! Wanakupeleka Kirotshe! Kwa nini?”

Akaniangalia kama ninavyoangalia mutu anayeniletea maharagi yenye mawe.

“Wewe huoni? Na wewe uko ndani ya ile simu kila siku ya Mungu, huoni? Mukwe wangu anakula.”

Nikaketi chini kwenye udongo.

Sasa, kwa wasiotoka kwetu: mama mukwe hamuangalii bwana ya binti yake akikula. Hata siku moja. Mukwe akija nyumbani, anawekewa chakula chumba kingine, na mama mukwe hapiti pale, wala haongei kwa sauti mpaka mukwe amenawa mikono. Ni heshima ya pande mbili. Mama alikuwa hajamuona yule mukwe na tonge mudomoni tangu alipoleta ng'ombe za mahari. Na kule Ubeljiji, saa tisa ya siku ya Mungu njo saa yao ya kukula. Simu wanaiweka mwisho wa meza, na mukwe wetu, ingénieur, anaketi katikati kabisa, na muguu wa kuku. Miaka miwili mimi ndiye niliyeshika simu, mama anaketi pembeni, haoni kitu. Barua ya mujukuu ilipomuketisha mbele ya kioo, ikamuketisha mezani na mukwe.

“Si ungesema!”

“Niseme nini? Niseme mbele ya batoto yake, ‘Mukwe wangu, acha kutafuna’? Nimufedheheshe? Kwangu ilibaki kunyamaza na kugeuka. Mutu mukubwa anajua.”

“Hawakujua, Mama. Walidhani simu imeanguka.”

“Basi wamesahau. Hiyo siyo kosa yangu.”

“Mimi nitawaambia. Sasa hivi. Nitaita dada, nitamuambia—”

“Wewe hutasema kitu!” Alisimama. Ni mufupi, anafika hapa kifuani kwangu, lakini nilirudi nyuma. “Ukisema wewe, kesho Kampala wanacheka, kesho kutwa kijiji kizima kinacheka. Mukwe wangu hatachekwa. Na Kirotshe siendi.”

“Sasa tutafanya nini? Imebaki siku moja ya Mungu.”

Mama akatazama kikombe, akatazama bonde.

“Mutoto aliniandikia,” akasema. “Lete karatasi na kalamu.”

*

Aliandika siku mbili, ulimi nje kidogo, kama batoto wa mwaka wa kwanza. Mimi nilikatazwa kusoma mpaka imalizike. Ilipomalizika akanipa nipige picha na kuituma kwa mujukuu peke yake, siyo kwenye kundi. Nilipiga picha. Macho yalisoma yenyewe.

“Mujukuu wangu, barua yako niliisoma yote na ninaweza yote. Kijani ninapandisha, mega ninafungua, mikro ninaijua. Umenifundisha kuingia kwenu, aksanti. Sasa mimi ninakufundisha namna ya kumuita koko.

“Ya kwanza. Mbele ya kuita koko, meza inafutwa. Chakula kinakwisha, mikono inanawiwa. Kama hamujakula, mutakula nyuma.

“Ya pili. Baba yako asiketi mbele ya jicho dogo jeusi. Aketi upande, nyuma ya simu. Anisalimie kwa sauti, nitamujibu kwa sauti. Yeye atajua kwa nini. Usimuulize mbele ya batoto wadogo.

“Ya tatu. Usiseme kwa mutu mwingine. Mama yako akiuliza, mwambie Koko iko na adabu yake.

“Ukifanya haya utaona uso wangu mpaka uchoke. Simu yangu haikuanguka hata mara moja. Niliilaza.”

Siku ya Mungu ya ine nilirudi kwenye depo, maana nilitaka kuona kama wao wanavyoona. Saa tisa ikalia. Kule meza ilikuwa safi, kitambaa cha meza kimefutwa mpaka kinang'aa. Dada yangu mbele, mujukuu kando yake, watoto. Mukwe hakuonekana. Kadirisha ka mama kakafunguka.

“Jambo bote. Muko wazima?”

“Tuko wazima, Koko,” mujukuu akajibu, na sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka.

Halafu kutoka upande, mutu asiyeonekana, sauti nzito ya mwanaume aliyekohoa kwanza: “Mama, ninakusalimia. Ninaomba unisamehe.”

“Ninakusalimia, mukwe wangu,” mama akasema, akainamisha kichwa. “Hakuna kitu cha kusamehe. Batoto wamekula vizuri?”

“Wamekula, Mama. Na mimi nimekula. Zamani.”

Dada yangu alimuangalia bwana yake, kule upande ambako sisi hatukumuona, halafu akamuangalia mama, halafu akafunika mudomo na mukono. Nilimuona anaelewa. Ile elimu yote, na ilimufikia siku ile, mbele ya meza tupu.  Alisema tu, “Mama, mimi ni mujinga.”

“Si sana,” mama akajibu. “Umesoma.”

Kaka wa Kampala aliuliza kuna nini, hakuna aliyemujibu.

Halafu mama akazungumuza. Saa nzima. Mimi sikuwahi kujua mama yetu ana maneno mengi vile. Alieleza maharagi ya mbegu aliyochagua, alieleza muti uliopandwa kwenye kaburi la baba, alimuuliza kila mutoto meno yake. Akachomoa simu na kuigeuza waone shamba, na hakuziba jicho. Nilijaribu kuongeza neno juu ya barabara, mujukuu akasema, “Tonton, mikro yako,” na nikaelewa ananiambia niikate. Nikaikata. Mimi, mwenye simu.

Mwishoni dada yangu akaanza, kwa sauti ndogo, “Mama, na ile habari ya Kirotshe…”

Mama akasogeza uso karibu na kioo mpaka tukaona macho tu.

“Musikie vizuri. Kirotshe ni kuzuri, ninakujua, nimepita pale na mutoto mugongoni mukiwa hamujazaliwa wote. Watu wa pale muwaambie aksanti. Nikiugua, huyu mwenye shingo nene iko na pikipiki mbili, atanibeba. Nisipougua, ninapanda. Munataka kuniona? Mutaniona hapa, kila siku ya Mungu, kwenye jiwe langu. Siku hamutaona uso wangu, mbele ya kusema kichwa kimekwenda, muangalie kwanza meza yenu. Sasa ninawaaga.”

Akatuaga kweli, kila mutu kwa cheo chake, kama barua ilivyoagiza. Na kidole chake kikashuka kwenye alama nyekundu.

Dada yangu alibaki kwenye kioo na mimi. “Kaka,” akasema, “Mama anabaki.”

“Wewe uliniuliza lini?” nikamujibu. “Mimi nilijua.” Hiyo ilikuwa uongo, nimeshawaambia.

Tulipanda mwezi wa tisa. Mvua ilikuja vizuri. Mwisho wa mwezi wa kumi, kule Ulaya wakarudisha saa nyuma, na mujukuu akaandika kwenye kundi kama alivyoahidi: kuanzia sasa, Koko, saa kumi. Siku ile ya Mungu nilikuwa nimepanda kumupelekea sukari. Saa tisa, mama yuko kwenye jiwe, kitambaa kichwani, simu wima ndani ya maharagi. Nikamukumbusha: bado saa moja nzima.

“Jua liko fasi gani?” akaniuliza.

Nikaangalia. “Fasi ya saa tisa.”

“Basi mimi niko kwa saa tisa. Waliorudisha yao, wairudishe tena.”

Akaketi. Saa kumi simu ikalia, ikalia, ikalia, na mama, mikono mapajani, anaitazama bila kuigusa, anatabasamu. Ikanyamaza. Wakaniita mimi. Nikawaeleza.

Siku ya Mungu iliyofuata, simu yake ililia saa tisa. Kule kwao ilikuwa saa nane, hawajakula, meza haina hata kijiko.